Mstari wa 161.8 umeangukia wapi? Utatuzi wa malengo ya Fibonacci yaliyo mbele ya kilele

Tuchukue chati moja tutembee nayo hadi mwisho. Bei iliondoka kwenye bonde la 1240, ikapanda hadi kilele cha 1400, ikarudi chini na kugeukia 1312. Bonde la kwanza tuliite A, kilele B, bonde la pili C. Mguu wa AB una pointi 160. Namba ni za kubuni, ila hesabu zake ni zilezile utakazokutana nazo kwenye dhahabu, sarafu au hisa, na ukizigeuza juu chini zinatumika pia bei inaposhuka.

Juu ya chati hiyo kuna maswali mawili tofauti. La kwanza: bei iliyotoka A hadi B itarudi nyuma kiasi gani kabla ya kuendelea? Hivyo ndivyo viwango vya kurudi, na vyote vinakaa ndani ya AB, mahali ambapo bei imeshapita. La pili: ikishavuka B, itafika wapi? Hayo ndiyo malengo ya mbele, nayo yako nje ya kilele cha zamani, wakati mwingine mahali ambapo bei haijawahi kukanyaga. Hesabu zake ni tatu tu:

```
Kurudi:           R = B - r × (B - A)
Mbele, nukta 2:   T = A + r × (B - A)
Mbele, nukta 3:   T = C + r × (B - A)
```

Herufi r ni uwiano. Uwiano wa dhahabu ni 1.618, kinyume chake ni 0.618, na 0.618 ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 0.382. Hiyo 1.272 unayoiona kwenye zana ni kipeuo cha pili cha 1.618, na 2.618 ni 1.618 mara yenyewe. Nusu, yaani 0.5, pamoja na 1.0 si za uwiano wa dhahabu. Zimekaribishwa mezani kwa mazoea, ingawa utaona 1.0 ndiyo itakayofanya kazi kubwa kuliko zote hapa chini.

Sasa twende kwenye dalili.

## Dalili: mstari wa 161.8 umeangukia chini ya bonde, wakati unatafuta lengo la juu

Hili ndilo kosa la kwanza la karibu kila mtu, na mimi nilikaa nalo muda mrefu nikidhani programu ina hitilafu. Umeburuta zana ya `Fibonacci Retracement` kutoka A kwenda B, kutoka chini kwenda juu, kama ulivyofundishwa. Mistari ya 38.2, 50 na 61.8 imekaa vizuri kati ya bonde na kilele. Unatafuta 161.8 juu ya 1400 huioni. Unashusha chati, unaikuta kwenye 1141, chini kabisa ya bonde la A.

Zana haijakosea. Kwenye MetaTrader na TradingView, kwa mipangilio ya kawaida, nukta ya pili unayoiweka ndiyo inayopewa sifuri, na nukta ya kwanza inapewa 100. Kwa hiyo hesabu inaanzia B na kuelekea A. Asilimia 100 ya kurudi ni A, na 161.8 ya kurudi ni kupita A kwa sehemu nyingine 61.8 upande uleule: 1400 toa 258.9, unapata 1141.1. Umeiuliza zana "itarudi kiasi gani?" nayo imejibu swali hilohilo mpaka mwisho wake.

Njia za kurekebisha ni mbili, na zote zinatoa jibu moja. Unaweza kuburuta kinyume, kutoka B kwenda A, ili sifuri ikae kwenye bonde, hapo 161.8 inapanda juu ya kilele. Au acha uburutaji ulivyo, fungua mipangilio ya viwango, uongeze namba hasi: -0.272 na -0.618. Kwenye chati yetu -0.618 ni 1400 kujumlisha 98.9, yaani 1498.9, sawasawa na 1.618 inayohesabiwa kutoka A kwenda juu. Mimi napendelea namba hasi, kwa sababu mchoro mmoja unanionyesha mahali pa kurudi na malengo ya mbele bila kugeuza chochote, na alama ya kutoa inanikumbusha kwamba nimeshatoka nje ya AB.

Jinsi ya kujua kama umesahihisha: soma bei iliyoandikwa pembeni mwa mstari, achana na asilimia. Kama lengo la kupanda lina bei iliyo chini ya B, bado umekosea.

## Dalili: wawili mnasema "lengo ni 1.618", lakini bei zenu zinatofautiana kwa pointi mia

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Kwenye chati yetu kuna namba tatu tofauti ambazo mtu anaweza kuziita 1.618 bila kusema uongo.

Wa kwanza anatumia nukta mbili. Anachukua mguu wa AB, anauzidisha kwa 1.618, anaanzia A. Anapata 1498.9.

Wa pili anatumia nukta tatu. Anachukua mguu uleule wa AB na kuuzidisha vilevile, lakini anaanzia C, pale bei ilipogeukia. Anapata 1570.9. Hii ndiyo zana inayoitwa `Fibonacci Expansion` kwenye MetaTrader, ambayo mistari yake huandikwa FE 61.8, FE 100.0 na FE 161.8; TradingView wanaiita `Trend-Based Fib Extension`.

Wa tatu hapimi AB kabisa. Anapima shuko la BC, lile la kurudi, ambalo lina pointi 88, analizidisha kwa 1.618 na kuanzia C kwenda juu. Anapata 1454.4.

Kati ya wa tatu na wa pili kuna pointi 116, karibu robo tatu ya mguu wenyewe wa AB. Mmoja wao amefunga biashara na kwenda zake, mwingine amepita nusu ya safari kidogo tu, na wote wanasema lugha moja. Ndiyo maana namba tupu ya uwiano haitoshi. Lengo linahitaji kutajwa kwa mambo matatu: uwiano, mguu unaopimwa, na nukta unapoanzia. Ukisema "1.618 ya AB kutoka C" hakuna wa kukuelewa vibaya.

Viwango vya kurudi havina tatizo hili kwa ukubwa huo, na sababu ni rahisi: vinapima mguu mmoja tu na vinaanzia mwisho wa mguu huohuo. Ukisema "61.8 ya kurudi," kila mwenye A na B zako atafika 1301.1. Majina ndiyo yanayoongeza mkanganyiko, kwa kuwa programu moja inaita kitu "upanuzi," nyingine inaita "urefusho," na watu wanachanganya maneno hayo wapendavyo. Usiamini jina. Hesabu ni mara ngapi zana inakuomba ubofye: mbili au tatu.

Ipi ni sahihi? Kila moja inajibu swali lake. Ya nukta mbili ina faida moja kubwa: unaweza kuichora mara tu B inapothibitika, kabla bei haijamaliza kurudi. Mtu anayenunua katikati ya shuko, tuseme kwenye 1320 ambapo ni nusu ya AB, bado hana C. Hawezi kuchora lengo la nukta tatu kwa sababu nukta ya tatu haipo. Alicho nacho ni 1443.5, ambayo ni 1.272 ya AB kutoka A, na hiyo ndiyo aitumie kupima kama biashara inalipa. Akiweka kizuizi cha hasara chini kidogo ya A, kwenye 1236, anahatarisha pointi 84 ili apate 123.5. C ikishapatikana, anabadili kwenda nukta tatu, kwa kuwa sasa ana habari ambayo hakuwa nayo: bei ilirudi kwa kina gani.

## Dalili: lengo la kwanza la mbele halijavuka kilele, au limekivuka kidogo tu

Unachora nukta tatu, unatazama FE 61.8, unaikuta kwenye 1410.9. Kilele cha zamani ni 1400. Yaani lengo lenyewe limepita kilele kwa pointi kumi na kitu, na wewe ulitaka safari.

Kuna hesabu ndogo inayoeleza hili mara moja. Tuite d kina cha kurudi: C imerudi sehemu gani ya AB. Kwetu ni 88 kwa 160, sawa na 0.55. Lengo la nukta tatu huwa liko mbele ya kilele kwa tofauti ya r na d, ikizidishwa kwa AB:

```
T - B = (r - d) × (B - A)
```

Kwa r ya 0.618 na d ya 0.55, kinachobaki ni 0.068 ya mguu, ndizo zile pointi 10.9. Kama bei ingerudi hadi 61.8 kamili, FE 61.8 ingeangukia juu ya B hasa, hakuna cha ziada. Na kama ingerudi hadi 78.6, "lengo la mbele" lingekuwa ndani ya AB, chini ya kilele. Kwenye mrudi wa kina, basi, FE 61.8 haina hadhi ya kuwa lengo la mbele. Ni jina jingine tu la kilele cha zamani, na pale tayari unajua kuna wauzaji wanaosubiri.

Suluhisho ni kuangalia d kwanza, kabla ya kuchagua r. Mrudi mfupi, tuseme 0.382, unaiacha FE 61.8 ikiwa na nafasi ya kutosha mbele ya kilele. Mrudi uliozidi nusu, anza na 1.0. Kwetu 1.0 ni 1312 kujumlisha 160, yaani 1472. Maana yake ni nyepesi: mguu wa pili umekuwa na urefu sawa na wa kwanza. Ralph Nelson Elliott, aliyeanza kueleza masoko kwa mawimbi miaka ya 1930, ndiye mwenye njia ambayo wafuasi wake hutazama usawa wa namna hii kati ya miguu, na huiweka 1.618 kwenye wimbi la tatu, wakitarajia liwe refu kuliko la kwanza. Kama huna sababu ya kusema uko ndani ya wimbi la tatu, kukimbilia 1.618 ya AB kutoka C ni kujipa tumaini ambalo chati haijakupa.

## Dalili: malengo mawili yamekutana mahali pamoja, ukaongeza ukubwa wa biashara kwa kujiamini

Hii haionekani kama tatizo, ndiyo maana naiogopa zaidi ya nyingine.

Tuseme bei ingerudi 38.2 kamili, C ikawa 1338.9. Unachora nukta tatu, 1.0 inaangukia 1498.9. Unachora nukta mbili, 1.618 inaangukia 1498.9. Zana mbili tofauti, uwiano tofauti, bei ileile! Watu huita hali hii mkusanyiko, na huichukulia kama mashahidi wawili waliokubaliana.

Ni shahidi mmoja aliyevaa kofia mbili. Rudi kwenye hesabu: 1.0 toa 0.382 ni 0.618, na nukta mbili za 1.618 ni B kujumlisha 0.618 ya AB. Lazima zikutane, kila mara, kwenye kila chati, hata ukichora bei kwa kurusha sarafu. Mkutano huo hausemi lolote kuhusu soko.

Kuna wa pili aliyejificha zaidi. Bei ikirudi 61.8, C iwe 1301.1, chukua 1.0 ya AB kutoka C: 1461.1. Sasa chukua 1.618 ya BC kutoka C: 1461.1 tena. Sababu ni kwamba 0.618 mara 1.618 ni 1, kwa hiyo umezungushwa ukarudishwa kwenye mguu uleule wa AB. Hii ndiyo tabia ya uwiano wa dhahabu. Inajirudia ndani ya yenyewe, na ukirundika mistari yake kutoka mguu mmoja itakutana bila kuombwa.

Namna ya kupima: uliza kama mistari yote miwili imetokana na A, B na C zilezile. Ikiwa ndiyo, hesabu kama mmoja. Mkutano wenye uzito ni ule ambao mstari wa pili una chanzo kingine: kilele cha miezi iliyopita, lengo lililochorwa kutoka wimbi kubwa kwenye chati ya wiki, au pengo la bei ambalo halijazibwa.

## Dalili: lengo linahama kila unapofungua chati

Sababu ya kwanza ni C isiyothibitika. Uliichora 1330, bei ikashuka hadi 1321 ukaisogeza, ikashuka hadi 1312 ukaisogeza tena. Kila pointi ambayo C inashuka, lengo nalo linashuka pointi moja. Dawa yake ni sheria unayoiandika kabla: kwa mfano, C haihesabiwi mpaka mshumaa mmoja ufunge juu ya kilele cha mshumaa ulioweka bonde. Sheria nyingine yoyote inafaa, mradi uwe nayo moja.

Sababu ya pili ni ya ndani zaidi, nayo ndiyo inayotenganisha kabisa aina hizi mbili za viwango. Tuseme hujui kama A ni ncha ya utambi, 1240, au ni mwisho wa mwili wa mshumaa, 1250. Tofauti ni pointi 10. Kiwango cha kurudi cha 61.8 kitahama kutoka 1301.1 hadi 1307.3, pointi 6 tu. Lengo la nukta tatu la 1.618 litahama kutoka 1570.9 hadi 1554.7, pointi 16. Kosa lilelile la mkono, mara moja limepunguzwa, mara nyingine limekuzwa.

Inakuwa hivyo kwa sababu kiwango cha kurudi kinakaa kati ya nukta mbili unazozijua. Kimeshikwa pande zote, kama kamba iliyofungwa miti miwili. Lengo la mbele limeshikwa upande mmoja na kurefushwa hewani, na kadiri uwiano unavyokuwa mkubwa ndivyo mtikisiko wa mwanzo unavyokuzwa. Kwenye 2.618 zile pointi 10 zinakuwa 26.

Kwa vitendo, kiwango cha kurudi unaweza kukichora mstari mwembamba, lakini lengo la mbele lichore kama ukanda. Mimi nahesabu mara mbili, mara moja kwa ncha za tambi na mara moja kwa miili, kisha ukingo wa karibu wa ukanda ndio unaopokea oda ya kuchukua faida. Ukanda ukiwa mpana kuliko nusu ya AB, nukta zangu hazieleweki na lengo hilo nalifuta.

## Dalili: bei imegusa mstari, oda haijafungwa

Hii ni fupi, na inawapata wauzaji. Chati za MetaTrader za sarafu huchorwa kwa bei ya `Bid`, lakini biashara ya kuuza hufungwa kwa `Ask`, ambayo iko juu kwa kiasi cha spredi. Lengo lako la chini liko 1240, spredi ni 3, ncha ya mshumaa imefika 1238.5. Kwenye chati umeshinda. Kwenye vitabu vya broka `Ask` ilikuwa 1241.5 na haijagusa kitu. Washa mstari wa `Ask` kwenye mipangilio ya chati, na kwa lengo la chini weka oda juu ya hesabu yako kwa spredi nzima na kidogo zaidi. Mnunuzi hafiki hapa, kwa kuwa yeye hufunga kwa `Bid` ileile anayoiona.

## Dalili: lengo la chini limesoma bei chini ya sifuri

Hisa imeshuka kutoka 100 hadi 40, ikapanda hadi 70, unataka 1.618 kutoka pale. Unapata toa 27, bei isiyowezekana kwa hisa.

Hesabu ya kawaida inapima pointi. Kwenye wimbi refu, ambapo bei imekatika nusu au imeongezeka mara mbili, pointi moja ya juu na pointi moja ya chini hazina uzito sawa, na kinachofaa kupimwa ni asilimia. Hapo tumia kipimo cha logi:

```
T = C × (B / A)^r
```

Kwa mfano huo unapata 15.9. TradingView wana kisanduku cha `Fib levels based on log scale` ndani ya mipangilio ya zana. Zingatia kwamba kubadili chati kuwa ya logi na kuwasha kisanduku hicho ni vitu viwili. Wengi hufanya cha kwanza wakadhani wamemaliza. Kwenye mfano wetu mkuu, ambapo AB ni mpando wa asilimia 13 hivi, logi ingetoa 1596.7 badala ya 1570.9. Hiyo ni tofauti ya pointi 26, inayotosha kukukosesha usingizi lakini si kukuangusha. Kwa mawimbi ya siku chache achana nayo.

## Dalili: bei imegeuka kabla ya lengo, au imepita kama hakuna kitu

Tuseme bei yetu ilipanda kutoka 1312, ikavuka 1400, ikafika 1478, kisha ikaporomoka hadi 1390. Aliyesubiri 1498.9 hakupata kitu. Aliyesubiri 1570.9 hakukaribia. Aliyeuchukua usawa wa miguu, 1472, alilipwa. Ni rahisi kusema baada ya tukio kwamba "soko liliheshimu 100," lakini jiulize ungekuwa na mistari mingapi juu ya kilele. Ukichora nukta mbili, nukta tatu na BC kwa uwiano mitatu kila moja, una mistari tisa, na karibu kila mgeuko utakuwa jirani na mmojawapo.

Ndani ya AB hali ni hiyohiyo. Viwango vitano vya kawaida vya kurudi, kila kimoja kikisamehewa asilimia 3 ya mguu juu na chini, vinafunika asilimia 30 ya AB nzima. Bei ikigeuka popote bila mpango, itaangukia ndani ya kanda hizo karibu mara tatu kati ya kumi. Kabla ya kusema kiwango kimefanya kazi, linganisha na hiyo.

Kosa la matumizi lililo nyuma ya dalili hii ni kuchukulia lengo la mbele kama ukuta. Kiwango cha kurudi unaweza kukipa kazi ya kuingilia, kwa sababu pale bei iliwahi kupita, kuna wanunuzi wa zamani, na kizuizi cha hasara kina mahali pa kukaa, chini ya A. Lengo la mbele kwenye bei mpya kabisa halina historia ya namna hiyo. Lifae kutokea, yaani kufunga sehemu ya biashara, wala si kuuza dhidi ya mwelekeo kwa sababu tu mstari umeguswa. Anayeuza kwenye 1472 kwa sababu ya FE 100.0 anaweka kizuizi chake wapi? Hakuna kilele juu yake cha kujificha nyuma yake, kuna mstari mwingine tu aliouchora mwenyewe.

Kwa hiyo gawanya. Kwenye chati hii mimi ningefunga nusu kwenye ukanda wa 1472, nisogeze kizuizi cha sehemu iliyobaki juu ya mahali nilipoingilia, na niiache itafute 1570.9 ikitaka.

Na ujue mchoro unakufa lini. Kiwango cha kurudi kinakufa bei ikifunga chini ya A, kwa kuwa hapo AB yenyewe si mpando tena. Lengo la nukta tatu linakufa mapema zaidi, bei ikifunga chini ya C, hata kama A bado imesimama. Katika hali hiyo futa nukta ya tatu tu, uache viwango vya kurudi vikisubiri, maana bei imeanza kutafuta C nyingine na 1301.1 iko hatua chache chini yake.